Mashine ya Miaka 8, Mkopo wa Miezi 12

Kwenye meza ya mikopo kuna swali linaloulizwa kila siku, "Unataka shilingi ngapi?", na kuna lingine ambalo aghalabu halifiki mezani: hicho unachonunua kitakuingizia pesa kwa muda gani? Muda wa kulipa hukutwa umeshaandikwa kwenye fomu. Ni miezi 12, kwa sababu taasisi inayokopesha hutoa mikopo ya miezi 12. Anayenunua mchele wa kuuza wiki hii na anayenunua mashine ya kusaga hupewa kalenda moja. Nimeona mikopo mingi ikiharibika, na mara nyingi mkopaji hakuwa mlevi, wala mvivu, wala mwizi. Biashara yake ilikuwa nzuri na riba aliimudu. Kilichomwangusha ni muda.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwanamke ana duka la bidhaa za nyumbani Gairo, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, eneo la mahindi. Mzigo uliopo dukani una thamani ya shilingi milioni 5 na unazunguka mara moja kwa mwezi. Kila mzunguko unampa faida ya asilimia 12, yaani 600,000. Kodi ya fremu na matumizi ya nyumbani vinakula 450,000. Zinabaki 150,000, ambazo anaziweka kwenye kikundi au anaongezea mzigo. Si tajiri, lakini hadaiwi.

Sasa anataka mashine ya kusaga. Kinu, mota, waya, msingi wa zege, fundi na gharama ya kuunganishiwa umeme wa fezi tatu vinafika milioni 9. Amefanya hesabu zake vizuri: baada ya kulipa umeme, kijana wa kusagia na vipuri, mashine itamwachia wastani wa 600,000 kwa mwezi. Kinu cha chuma kikitunzwa kitasaga miaka 8 au zaidi. Anakopa milioni 9 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, inayopigwa kwenye salio linalobaki, kwa miezi 12. Rejesho lake ni takriban 904,000 kila mwezi.

Hapo ndipo tatizo linapoanza, na linaonekana hata kabla pesa haijatoka. Mashine inaleta 600,000, mkopo unataka 904,000. Pengo ni 304,000 kila mwezi. Afisa mikopo analiona pengo hilo na ana jibu tayari: "Duka lipo, litasaidia." Kwenye fomu anajumlisha faida ya duka na ya mashine, anatoa matumizi, na zinabaki 750,000. Hazifikii 904,000, lakini akikata kidogo kwenye makadirio ya matumizi ya nyumbani na kuongeza kidogo kwenye makadirio ya mauzo, hesabu inakaa sawa. Mkopo unapita.

Kwa kweli duka linasaidia, ila halisaidii kwa faida pekee. Faida inayobaki ni 150,000 na pengo ni 304,000, kwa hiyo mwezi wa kwanza 154,000 zinatoka kwenye mzigo wenyewe. Mwezi unaofuata mzigo ni mdogo, kwa hiyo faida nayo ni ndogo, na kinachochotwa kinaongezeka. Mwezi wa 6 mzigo umefika milioni 3.75. Mwezi wa 9 ni milioni 2.7. Mwezi wa 12, anapolipa rejesho la mwisho, dukani mna mzigo wa milioni 1.3 tu.

Kwenye vitabu vya mkopeshaji huyu ni mteja wa mfano. Hakuchelewa hata siku moja. Atapigiwa simu apewe mkopo mkubwa zaidi, na kwa kuwa rafu zake ni tupu, ataupokea. Hakuna ripoti inayoonyesha kwamba rejesho halikulipwa na mashine wala na faida, bali lililipwa kwa kuuza duka kidogo kidogo.

Lazima nikiri hoja ya upande wa pili, kwa sababu ina nguvu. Kwenye karatasi mwanamke huyu anaweza kusimama tena. Deni limeisha, mashine ni yake, 600,000 zinaingia kila mwezi bila kudaiwa. Kama duka litaendelea kutoa asilimia 12 ya mzigo wowote uliopo, baada ya miezi 8 hivi mzigo utarudi milioni 5. Tena amelipa riba ya milioni 1.85 tu. Angechukua mkopo huohuo kwa miezi 36, rejesho lingekuwa takriban 412,000, lakini jumla ya riba ingefika milioni 5.84. Tofauti ya milioni 4 si ndogo. Ndiyo maana wakopaji wengi wenyewe huomba muda mfupi. Wanasema hawataki kudaiwa muda mrefu, na nawaelewa.

Lakini hesabu hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba duka lenye robo ya mzigo libaki na robo ya wateja. Haliwi hivyo. Mteja akija mara mbili akakosa sukari na sabuni, mara ya tatu anapitiliza hadi duka la jirani, na siku mzigo ukirudi yeye harudi nao. Sharti la pili ni kwamba mashine ianze kusaga siku ileile pesa ilipotoka. Hilo ndilo linalovunjika zaidi.

Tuseme umeme wa fezi tatu unachelewa miezi miwili. Nguzo haijafika, au mita haijafika. Mkopo hausubiri nguzo. Miezi hiyo miwili rejesho lote la 904,000 linalipwa na duka peke yake. Mwisho wa mwezi wa 2 mzigo umeshuka kutoka milioni 5 hadi milioni 3.4. Mashine inaanza kusaga kama ilivyopangwa, inaleta 600,000 zake kila mwezi bila kukosa, na bado haitoshi: mwezi wa 6 mzigo ni milioni 1.75, mwezi wa 8 ni kama 600,000, na mwezi wa 9 duka linaisha. Marejesho matatu bado yapo mbele yake. Kuanzia hapo anakwenda kwa wale wa kausha damu kukopa laki mbili alipe laki tatu, ili rejesho la Ijumaa lisichelewe.

Mashine haikuharibika na makadirio ya mapato yalikuwa sahihi. Alichokosa ni nafasi ya kuchelewa miezi miwili. Angekuwa na mkopo wa miezi 36, ucheleweshaji huohuo ungeshusha mzigo hadi milioni 4.4 mwishoni mwa mwezi wa 2, kisha mashine ingeanza, na mwisho wa mwezi wa 4 angekuwa amerudi milioni 5. Zile milioni 4 za riba ya ziada zilikuwa bei ya nafasi hiyo. Mtu anaweza kuiona ghali, na mimi naiona ghali kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Lakini ni lazima ajue ananunua nini kabla ya kuikataa, na kama mkataba unaruhusu kulipa mapema bila faini, anaweza kuchukua muda mrefu kisha akaufupisha mambo yakimwendea vizuri. Mkopo wa miezi 12 haurefuki kwa uamuzi wa mkopaji peke yake.

Je, muda ufaao ni upi? Usianze na umri wa chuma. Kinu chaweza kuwa na miaka 15 na bado kikawa kwenye kona ya ghala, kimeshindwa na mashine mpya ya jirani. Umri unaohesabika ni ule wa kuingiza pesa: muda ambao wateja watakuja, mota haijaungua, na hakuna mwingine aliyefungua hatua hamsini kutoka kwako. Kwa mashine ya Gairo mimi ningeukadiria miaka 5 hata kama fundi anasema 8, na ningetaka mkopo uishe ndani ya miaka 3, ili miaka miwili inayobaki iwe ya kuweka akiba ya mota nyingine. Hiyo ni hukumu yangu na si kanuni iliyoandikwa popote. Ninachokisimamia ni kwamba mwenye mali aonje matunda yake kabla haijachoka.

Halafu kitenganishe kile chombo na vinavyolika ndani yake. Nyundo za kinu, chekeche, mkanda na beari vinachakaa na kubadilishwa muda wote mashine inaposaga. Hivyo ni matumizi na vinalipwa na mapato ya mwezi. Nimeona watu wakiongeza vipuri vya mwaka mzima ndani ya mkopo wa mashine, na miezi 20 baadaye wanalipia chekeche iliyotupwa jalalani zamani.

Hilo la chekeche linatupeleka kwenye kosa la upande wa pili, ambalo halisemwi sana kwa sababu halina maumivu mwanzoni. Huko mkopo unaishi kuliko kilichonunuliwa. Mfanyabiashara wa mahindi ananunua magunia wakati wa mavuno, Julai, na kuyauza Desemba au Januari bei ikipanda. Pesa yake ina safari ya miezi 6. Akipewa mkopo wa miezi 24 wenye rejesho dogo la kila mwezi, anafurahi. Januari ameuza yote, ana pesa nyingi mkononi, na deni bado ni kubwa lakini rejesho la mwezi ni dogo. Pesa hiyo haina kazi hadi Julai nyingine. Inakwenda kwenye bati la nyumba, ada, msiba, harusi ya mdogo wake, na yote ni mambo ya haki kabisa. Julai inafika, anahitaji mtaji upya, na bado ana mwaka mzima wa kulipia mahindi yaliyokwishaliwa. Anachukua mkopo mwingine juu ya ule wa kwanza. Sasa msimu mmoja wa mahindi unabeba marejesho ya misimu miwili, na mwaka ambao bei haikupanda, yote mawili yanaanguka kwa pamoja.

Mfanyabiashara huyo alihitaji mkopo wa miezi 7, riba ikilipwa njiani na deni lenyewe likilipwa lote baada ya kuuza. Marejesho ya kila mwezi kuanzia Agosti yangemlazimisha kuuza magunia wakati bei iko chini, na hapo sababu yote ya kuyahifadhi imepotea. Kwa hiyo urefu wa mkopo peke yake hautoshi. Tarehe za kulipa nazo zifuate tarehe ambazo pesa inaingia. Hata mashine ya Gairo ina msimu. Wastani wake ni 600,000, lakini kuna miezi kabla ya mavuno ambapo maghala ya watu ni matupu na wanaosaga ni wachache. Ndiyo maana hata mkopo wa miezi 24 wa mashine hiyo, ambao rejesho lake lingekuwa 531,000 na unaonekana kutosha kwa wastani, ungemsumbua kila Februari.

Mtu atauliza: kama jambo liko wazi hivi, kwa nini miezi 12 imetawala? Sababu kubwa ni kwamba mkopeshaji naye ana muda wake. Pesa anayokopesha ni amana ambayo aliyeiweka anaweza kuichukua kesho, au ni mkopo ambao taasisi yenyewe imekopa na itaulipa baada ya mwaka mmoja au miwili. Akikopesha miaka 3 kwa pesa ya mwaka 1, amejitia kwenye tatizo lilelile la mwenye duka, ila yeye akianguka anaanguka na akiba za watu. Hiyo ndiyo sababu mikopo ya nyumba ilihitaji taasisi za kuzipatia benki fedha za muda mrefu: Tanzania ilianzisha Tanzania Mortgage Refinance Company mwaka 2010, na Kenya ikaanzisha Kenya Mortgage Refinance Company mwaka 2018. Kwa mashine ya kusaga hakuna mlango mpana wa namna hiyo. Kuna njia ya ukodishaji, ambapo kampuni inanunua mashine, inabaki kuwa mali yake, na mtumiaji analipa kidogo kidogo hadi aimiliki; Tanzania ina sheria ya ukodishaji wa aina hiyo tangu 2008. Kwa kuwa chombo chenyewe ndicho dhamana, kampuni hizo huweza kwenda na umri wa chombo. Anayenunua kifaa chenye namba na kinachoweza kung'olewa aulizie huko kwanza.

Sababu ya pili ni rahisi zaidi. Mkopo mfupi unarudi haraka, unatolewa tena, na kila unapotolewa kuna ada ya fomu, bima na tathmini. Afisa anapimwa kwa mikopo aliyotoa na kwa marejesho yaliyochelewa zaidi ya siku 30. Hakuna anayempima kwa mzigo uliobaki dukani kwa mteja.

Serikali nazo hukutana na tatizo hili la muda usiolingana. Mwaka 2014 Kenya iliuza hati zake za kwanza za deni kwenye soko la kimataifa kwa dola bilioni 2, na mwishoni mwa mwaka huo ikaongeza dola milioni 750. Sehemu ya fedha ilikwenda kulipa mkopo wa mabenki wa dola milioni 600, na nyingine ikakusudiwa miundombinu. Kati ya jumla ya mauzo hayo mawili, dola bilioni 2 zilikuwa za miaka 10, kwa riba ya asilimia 6.875, na deni lote lilipaswa kulipwa kwa mkupuo Juni 2024. Barabara au njia ya umeme huchukua miongo kurudisha gharama yake, na hurudisha kwa kodi inayoingia kidogo kidogo. Haiwezi kutoa dola bilioni 2 katika mwezi mmoja. Tarehe ilipokaribia, wakopeshaji walitilia shaka kama nchi ingelipa, na Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani. Hati hizo mpya hazilipwi kwa siku moja. Zimegawanywa katika mafungu matatu, 2029, 2030 na 2031. Riba ilipanda, lakini muundo wa malipo ulikuwa umerekebishwa, na mimi naliona hilo kuwa funzo lililolipiwa ghali.

Turudi kwa mwenye duka, maana yeye hana soko la kimataifa. Dalili za muda usiolingana huonekana mapema kama mtu ataangalia mahali panapostahili. Marejesho ya wakati hayathibitishi afya ya mkopo. Hesabu mzigo wa dukani kwa bei ya kununulia siku mkopo unapotoka, kisha uhesabu tena mwisho wa kila mwezi. Ukishuka miezi mitatu mfululizo ilhali mauzo ya mashine yako vile ulivyotarajia, tatizo si bidii. Dalili nyingine ni kwamba wasambazaji uliokuwa ukiwalipa taslimu sasa unawaomba wiki mbili, au kwamba pesa ya kikundi imeanza kulipa rejesho. Mwanamke wa Gairo aliyecheleweshewa umeme alikuwa na dalili zote hizo mwishoni mwa mwezi wa 3, akiwa bado hajachelewesha hata shilingi.

Na mwezi wa 3 ndio wakati wa kwenda kwa mkopeshaji kuomba muda upangwe upya. Salio lake wakati huo ni kama milioni 7. Likisambazwa kwa miezi 30 kwa riba ileile, rejesho linashuka hadi takriban 359,000. Mzigo wake ni milioni 3.05, faida yake ni 366,000, mashine inaleta 600,000, nyumba inakula 450,000. Kuanzia mwezi unaofuata zinabaki 157,000 za kurudisha dukani, na kila mwezi zinaongezeka kidogo. Akingoja hadi mwezi wa 8, salio ni milioni 3.4 na dukani mna 600,000. Hata likisambazwa kwa miezi 24, zinabaki kama 23,000 kwa mwezi, na homa moja ya mtoto inazimaliza.

Wengi hawaendi mwezi wa 3 kwa sababu wanaona aibu kuomba wakati hawajakosa, na maafisa wengi hawapendi kupokea ombi hilo kwa sababu mkopo uliopangwa upya unaonekana vibaya kwenye ripoti. Aende hivyohivyo, na aende na vitu: daftari la mashine la kila siku, hesabu ya mzigo ya miezi mitatu, risiti za umeme, na barua yenye tarehe aliyoomba kuunganishiwa na tarehe aliyounganishwa. Asiombe msamaha wa riba wala nyongeza ya mkopo, maana nyongeza itarefusha deni na kulikuza kwa pamoja. Aombe miezi tu, na kipengele cha kulipa mapema bila faini kiandikwe kwenye mkataba mpya.